Kumweleza Mwajiri: Usikivu Uliopungua na Haki ya Marekebisho Kazini

Mfanyakazi ambaye usikivu wake umeanza kupungua kwa kawaida huificha hali hiyo kwa miaka kadhaa, naye huificha kwa hesabu inayoonekana kuwa ya busara: akisema ataonekana hafai, na akinyamaza huenda asigundulike. Hesabu hiyo ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba usikivu hafifu haujifichi bali hubadilisha sura. Asiyesikia swali na akajibu jingine huonekana hayuko makini, asiyeitika anapoitwa kutoka nyuma huonekana ana kiburi, na anayeandika tarakimu isiyo sahihi huonekana mzembe. Na uzembe, tofauti na ulemavu, ni kosa ambalo mwajiri anaruhusiwa kulitolea onyo na hatimaye kumwachisha mtu kazi. Sura hii inaeleza namna mfanyakazi wa Tanzania anavyoweza kuitoa taarifa hiyo kabla haijageuzwa kuwa kosa la kinidhamu, namna ya kuomba mabadiliko yanayohusiana kweli na kazi yake, na mahali ambapo sheria inamkinga na ambapo haimkingi.

Ili jambo hili lieleweke katika undani wake, utatumika mfano mmoja uliotungwa kwa ajili ya maelezo, wa karani mwenye umri wa miaka 46 anayefanya kazi katika chama cha ushirika wa akiba na mikopo mjini Morogoro. Karani huyo hupokea fedha dirishani, hupokea kwa simu takwimu za makusanyo kutoka kwenye tawi la wilayani, na huhudhuria kikao cha wafanyakazi kila mwezi. Amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila doa, lakini katika mwaka wa karibuni hesabu zake zimeanza kutofautiana na fedha zilizomo kwenye droo jioni, na meneja amekwisha kumpa onyo la mdomo.

Hatua ya kwanza si barua bali ni kipimo, kwa kuwa si kila upungufu wa usikivu ni wa kudumu. Nta iliyoziba tundu la sikio huondolewa kwa dakika chache, usaha wa sikio la kati hutibika, na usikivu unaopotea ghafla ndani ya siku moja au mbili ni dharura ya kumwona daktari mara moja, kwa sababu tiba yake hufaa zaidi ikianza mapema. Ikiwa hakuna kati ya hayo, mgonjwa hupimwa katika kliniki ya masikio, pua na koo, ambayo hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili na KCMC huwa nayo, na matokeo huchorwa kwenye karatasi iitwayo audiogramu, yaani mchoro unaoonyesha sauti ndogo kabisa ambayo kila sikio linaweza kuisikia katika kila kiwango cha wembamba au uzito wa sauti. Wembamba huo hupimwa kwa hezi, ambapo ngoma nzito ina hezi chache na mluzi una hezi nyingi, na ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli.

Audiogramu ya karani wa mfano wetu inaonyesha, kwa masikio yote mawili, desibeli 20 kwenye hezi 500, desibeli 25 kwenye hezi 1,000, desibeli 40 kwenye hezi 2,000 na desibeli 65 kwenye hezi 4,000. Wastani wa namba hizo nne ni desibeli 37.5, na kwa madaraja ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2021 huo ni upungufu wa kiwango cha kati, kwani daraja hilo huanzia desibeli 35 na kuishia chini ya 50. Hata hivyo wastani unaficha jambo muhimu kuliko linaloonyeshwa nao. Karani huyu anasikia sauti nzito karibu kama mtu mwingine yeyote, na ndiyo maana wenzake hawaamini kwamba ana tatizo: akiitwa anageuka, mlango ukigongwa anasikia. Anachokikosa ni sauti nyembamba, na katika usemi sauti nyembamba ni konsonanti kama s, sh, f, t na k, hali irabu zikiwa nzito na zenye nguvu zaidi. Kwa hiyo anasikia kwamba mtu anasema, lakini hajui kwa yakini amesema nini.

Kwa anayeshughulika na fedha kwa Kiswahili, upungufu wa namna hii una mtego wa pekee. Maneno sita na tisa yana irabu zilezile kwa mpangilio uleule, na kinachoyatofautisha ni nafasi ya s na t pekee, ambazo ndizo sauti zinazoangukia kwenye sehemu iliyoharibika ya usikivu wake. Vivyo hivyo sitini na tisini. Mteja anayesema elfu tisini anaweza kuandikiwa elfu sitini bila karani kuhisi shaka yoyote, maana ubongo hujaza pengo kwa neno lililo karibu na kulikubali kana kwamba limesikika. Kutazama midomo, mbinu inayomsaidia mwenye usikivu hafifu katika mambo mengi, hapa haifui dafu, kwa kuwa s na t hutamkwa ulimi ukiwa mahali pamoja nyuma ya meno na midomo haionyeshi tofauti. Simu ya kawaida huzidisha ugumu, kwani kwa desturi hupitisha sauti zilizo kati ya hezi 300 na 3,400 tu, ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya s iko juu ya hapo. Hata mwenye masikio mazima husikia s ya kwenye simu ikiwa imefifia.

Maelezo haya ya kitaalamu si mapambo. Ndiyo yanayogeuza ombi kutoka kuwa ombi la huruma na kuwa pendekezo la kazi, kwa kuwa anayejua ni kitu gani hasa anachokikosa anaweza kuonyesha ni sehemu gani ya kazi inayogusana nacho na ni sehemu gani isiyogusana nacho kabisa. Wengi huenda kwa mwajiri wakiwa na sentensi moja tu, kwamba hawasikii vizuri, na mwajiri akabaki kuijaza sentensi hiyo kwa mawazo yake mwenyewe, ambayo mara nyingi ni ya mtu asiyesikia chochote.

Sheria zinazohusika zinafaa kueleweka kabla ya kuandika, ijapokuwa si lazima zitajwe zote kwenye barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7 inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja kwa misingi kadhaa, ulemavu ukiwa mmojawapo, na kwa madhumuni ya kifungu hicho neno mwajiriwa linamjumuisha pia anayeomba kazi. Katika kifungu cha 37 sheria hiyo inasema kwamba sababu inayohusiana na ulemavu haiwezi kuwa sababu ya haki ya kusitisha ajira. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inaongeza wajibu wa mwajiri wa kumlinda mwajiriwa mwenye ulemavu, na inamtaka mwenye waajiriwa 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu; jambo hilo la mwisho lina faida isiyotarajiwa, kwani mwajiri anayetakiwa kufikia kiwango hicho hana sababu ya kumwondoa mtu ambaye tayari anaijua kazi. Nyuma ya sheria hizo umo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009.

Mkataba huo ndio ulioeneza dhana ya marekebisho stahiki, ambayo maana yake ni mabadiliko ya lazima na yanayofaa yanayofanywa kwa ajili ya mtu fulani katika hali fulani ili afanye kazi kwa usawa na wengine, bila kumtwisha mwajiri mzigo uliopita kiasi. Sehemu zote mbili za maana hiyo zina uzito. Marekebisho ni ya mtu fulani, kwa hiyo mwajiri hawezi kujibu kwamba kampuni haina sera. Lakini pia yana mpaka, kwa hiyo ofisi ya watu watano haiwezi kulazimishwa kuajiri mtu wa pili wa kusikiliza kwa niaba ya wa kwanza. Kifungu cha 7 chenyewe kinaukubali mpaka mwingine, yaani kwamba si ubaguzi kumtofautisha mtu kwa sababu ya mahitaji ya asili ya kazi yenyewe. Swali linalobaki katika kila shauri la namna hii ni lipi hasa hitaji la asili. Hitaji la asili la kazi ya karani wa mfano wetu ni kuandika kiasi sahihi cha fedha. Kukipata kiasi hicho kwa masikio ni mazoea ya ofisi tu, na mazoea yanabadilika.

Kutoka hapo ombi linajiandika lenyewe. Karani anaomba kwamba kiasi cha fedha kisichukuliwe kamwe kutoka mdomoni mwa mteja, bali kutoka kwenye stakabadhi ya kuwekea fedha ambayo mteja huijaza kabla ya kufika dirishani, na kwamba asiyejua kuandika ajaziwe na mhudumu wa mapokezi, kisha karani azihesabu noti mbele yake na kulinganisha. Stakabadhi hiyo tayari ipo ofisini. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba siku za foleni ndefu makarani waliiruka. Anaomba pia takwimu za tawi zitumwe kwa ujumbe wa maandishi badala ya kusomwa kwa simu, na pale simu inapokuwa haiepukiki, msomaji azitaje tarakimu moja moja na aongeze neno la kutofautisha, kwa mfano tisa, kumi kasoro moja. Kurudiana namba peke yake hakutoshi, maana karani akirudia sita kwa mtu aliyesema tisa, mtu huyo naye anaisikia kupitia simu ileile inayokata s, na anaweza kuitikia ndiyo.

Ombi la tatu linahusu mahali anapokaa. Dirisha lake liko karibu na mlango wa barabarani na feni ya ukutani, na jenereta inapowashwa ngurumo yake huzifunika sauti za watu. Nguvu ya sauti ya msemaji hupungua kwa takribani desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu mahali pasipo na mwangwi, kwa hiyo mteja aliyesimama mita moja akirudi nyuma hadi mita nne amepoteza desibeli 12 hivi, hali feni haijasogea. Kuhamia dirisha la ndani, ambalo mwanga humwangukia mteja usoni badala ya kutoka nyuma yake, hakugharimu chochote isipokuwa makubaliano na karani mwenzake. Shimesikio, yaani kifaa kinachovaliwa sikioni kukuza sauti, kitamsaidia karani huyu na inafaa akipate, ila barua isiahidi kwamba kifaa kitamaliza tatizo. Kifaa hicho hufanya kazi vizuri zaidi kwa msemaji aliye karibu, nacho hukuza kelele pamoja na usemi. Mwajiri aliyeahidiwa muujiza ataliona kosa linalofuata kuwa ni udanganyifu.

Jambo la nne husahauliwa karibu na kila mtu, nalo ni king'ora cha moto. Ving'ora vingi vya moshi hulia kwa mlio mwembamba wa takribani hezi 3,000, ambao kwa audiogramu hii umo katika eneo la hasara, na kama mlango wa chumba cha kuhifadhia fedha umefungwa huenda mlio huo usimfikie. Taa inayomulika king'ora kinapolia, au mwenzake aliyepewa jukumu la kumgusa bega na kutoka naye, ni marekebisho halali kabisa, na kuyataja kunamwonyesha mwajiri kwamba mwombaji amefikiria usalama wa ofisi nzima. Katika kazi nyingine jambo hili hutangulia yote. Dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo bandarini au fundi anayefanya kazi karibu na winchi, ambaye ishara za hatari humfikia kwa sauti, hana anasa ya kuchagua muda wa kusema, kwa sababu sheria ya usalama na afya mahali pa kazi inamwajibisha mfanyakazi naye kuchunga usalama wake na wa wenzake. Kwa kazi za ofisini hakuna tarehe iliyowekwa, na uamuzi wa wakati hubaki kwa mhusika.

Wakati huo ndio mara nyingi huamua matokeo, kuliko hata maneno yaliyomo kwenye barua. Mfanyakazi anayetoa taarifa kabla ya kosa lolote kuandikwa kwenye jalada lake anazungumza kama mtu anayezuia hasara. Anayetoa taarifa baada ya onyo la kwanza bado yuko mahali pazuri, maana anaeleza chanzo cha kilichotokea na kuleta dawa yake. Anayeitaja hali yake kwa mara ya kwanza ndani ya kikao cha nidhamu, maonyo matatu yakiwa mezani, hujikuta akishukiwa kwamba ameutunga ugonjwa, na hata daktari akithibitisha, mwajiri anaweza kusema kwa ukweli kwamba wakati wa kutoa maonyo hakuwa na habari. Ulinzi wa sheria haufutiki kwa sababu hiyo, lakini kazi ya kuthibitisha inakuwa nzito mno. Karani wa mfano wetu ana onyo moja la mdomo, hivyo hafai kungoja la pili.

Mazungumzo ya ana kwa ana yatangulie barua, tena kwa siku chache tu, kwa sababu katika ofisi zetu barua inayofika bila salamu husomwa kama mashtaka. Karani humwomba meneja nafasi asubuhi, kabla dirisha halijafunguliwa, na huketi mahali anapoweza kumwona usoni. Si vibaya akasema tangu mwanzo, "Meneja, naomba tukae huku kwenye mwanga, nikikuona usoni nakusikia vizuri zaidi," kwa kuwa sentensi hiyo ni marekebisho ya kwanza, na meneja akiyatimiza bila kufikiri amekwisha kuona kwamba si jambo zito. Kisha hueleza kipimo, hueleza kosa la sita na tisa, na husema kwamba amekuja na mapendekezo ambayo atayaleta kwa maandishi. Meneja akisema, "Sasa wewe mama, dirisha utaliweza kweli?" jibu lisiwe la kujitetea bali la kurudi kwenye kazi: "Kuhesabu naweza na kuandika naweza. Kinachonipoteza ni namba ya kutajiwa, na hiyo tunaweza kuiondoa."

Barua yenyewe haizidi ukurasa mmoja. Inataja cheo na muda wa utumishi, inasema kwamba kwa kipimo cha tarehe fulani mwandishi ana upungufu wa usikivu wa kiwango cha kati kwa sauti nyembamba, inaeleza kwa sentensi mbili kazi ambazo haziathiriki na kwa sentensi mbili zile zinazoathirika, kisha inaorodhesha maombi yake na kupendekeza kipindi cha majaribio cha miezi mitatu. Cheti cha daktari kiambatishwe, lakini jalada zima la matibabu halihitajiki, kwa sababu mwajiri anahitaji kujua mtu anaweza nini wala hana haja ya historia ya mwili wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo ni haki kuandika kwamba taarifa hiyo ibaki kwa meneja na ofisa rasilimali watu, na kwamba wenzake waambiwe tu yale wanayopaswa kuyafanya. Barua ipelekwe kwa nakala mbili, na moja irudi ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Muhuri huo ni kitu kidogo ambacho watu wengi huona haya kukidai, na siku ya shauri ndicho hutenganisha mwajiri aliyejua na asiyejua.

Kipindi cha majaribio kiwe na kipimo kinachohesabika, la sivyo kitaishia kwenye hisia za meneja. Kwa karani huyu kipimo kipo tayari kwenye daftari la kufunga hesabu za siku: ni mara ngapi kwa mwezi fedha za droo zilitofautiana na maandishi katika miezi mitatu kabla ya mabadiliko, na ni mara ngapi katika miezi mitatu baada yake. Tofauti zikipungua, meneja ana jibu la kuipelekea bodi. Zikibaki vilevile, kuna mambo mawili ya kuchunguza kabla ya kumlaumu mtu: kama marekebisho yalifuatwa kweli siku za foleni, na kama usikivu umeendelea kushuka. Jambo la kwanza ndilo hutokea zaidi. Katika wiki ya tatu au ya nne watu husahau, tawi linarudi kupiga simu, stakabadhi zinaanza kurukwa, na mwenye usikivu hafifu huona aibu kukumbusha mara ya pili. Inafaa kila tukio la namna hiyo alikumbushe siku hiyohiyo kwa ujumbe mfupi, ambao ni adabu tosha na papo hapo ni kumbukumbu.

Majibu ya mwajiri huja kwa sura nyingi, na kukataa waziwazi si jambo la kawaida. Lililo la kawaida zaidi ni kimya, ambacho hujibiwa kwa barua fupi ya kukumbushia baada ya wiki mbili. Jingine ni wema unaodhuru: karani anaambiwa asijisumbue, atapelekwa masjala kutunza majalada, na baada ya miezi miwili anagundua kwamba posho ya dirishani imeondoka na nafasi ya kupanda cheo imeondoka nayo. Kubadilishiwa kazi kunaweza kuwa marekebisho halali pale ambapo mengine yote yameshindikana, lakini si mahali pa kuanzia, na mabadiliko ya masharti ya mkataba hayafai kukubaliwa kwa mdomo. Sura iliyo mbaya kuliko zote ni ushauri wa pembeni kwamba aandike mwenyewe barua ya kuacha kazi "kwa heshima". Barua hiyo isiandikwe, kwa kuwa aliyejiuzulu kwa hiari amejivua karibu kinga zote, ingawa sheria inakubali kuwa kujiuzulu kulikosababishwa na mwajiri kuyafanya mazingira ya kazi yasivumilike ni sawa na kuachishwa. Ubishi juu ya kipi kilikuwa kipi ni mrefu, na mzigo wake humwangukia aliyesaini.

Mwajiri anayefika hatua ya kusema kwamba mfanyakazi hamudu kazi kwa sababu ya afya hana ruhusa ya kumaliza jambo kwa barua moja. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya sheria ya ajira zinamtaka achunguze chanzo na kiasi cha tatizo, aangalie kama linaweza kukidhiwa kwa kurekebisha kazi au kumpa kazi nyingine, na ashauriane na mwajiriwa, ambaye anaweza kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake. Katika kikao hicho mwenye usikivu hafifu anahitaji mtu wa kuandika mambo yanayosemwa wakati yanaposemwa, na ni haki kuomba kikao kiende polepole, azungumze mmoja mmoja. Si mara moja watu wametia saini kukubali tuhuma ambayo hawakuisikia yote.

Hofu ya kupoteza kazi, kwa hiyo, haina msingi mmoja kwa watu wote, na ni afadhali kuigawa. Mwenye mkataba usio na ukomo na zaidi ya miezi sita kazini ana kinga kamili ya kutoachishwa isivyo haki. Aliye chini ya miezi sita hana kinga ya sehemu hiyo ya sheria, ila makatazo ya ubaguzi ya kifungu cha 7 yanamhusu, na chini ya kifungu hicho akionyesha kwa ushahidi wa awali kwamba alibaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo. Aliye hatarini zaidi ni mwenye mkataba wa muda maalumu, kwani mkataba huisha tarehe yake ikifika na mwajiri asiyetaka maneno anaweza tu kunyamaza usihuishwe. Sheria inatambua kutokuhuishwa kama kusitishwa kwa ajira pale palipokuwa na matarajio ya msingi ya kuhuishwa, na matarajio hayo hujengwa na vitu kama mikataba iliyokwisha kuhuishwa mara kadhaa au maandishi ya mwajiri mwenyewe. Kwa mfanyakazi wa namna hii ni busara kutoa taarifa mkataba ukiwa bado mchanga, ili kipindi cha majaribio kiishe na matokeo yake yaandikwe muda mrefu kabla ya tarehe ya mwisho.

Pale mambo yanaposhindikana kabisa, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako shauri huanza kwa usuluhishi na, lisipokwisha, huenda kwenye uamuzi. Mgogoro unaohusu kuachishwa kazi unapaswa kufikishwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ukiwemo ubaguzi wa mtu ambaye bado yuko kazini, ndani ya siku 60. Anayechelewa analazimika kwanza kuomba msamaha wa muda na kueleza sababu. Watumishi wa umma hawaanzii hapo, kwa kuwa wanatakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa zilizowekwa na sheria ya utumishi wa umma. Na ikiwa kazi yenyewe ndiyo iliyoharibu masikio, kama inavyotokea kwa wanaokaa miaka mingi kwenye mashine za kusaga, karakana au migodi, kuna mlango mwingine ulio tofauti na hayo yote, nao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambao hulipa kwa ugonjwa uliotokana na kazi bila kuuliza nani alikosea. Madai ya Mfuko huo hupitia kwa mwajiri, hivyo barua iliyogongwa muhuri inahitajika huko pia.